Katuni, kolaji au kubadilisha sura: njia ipi ya kumtania kiongozi kwa picha?

Wengi wanaoendesha kurasa za vichekesho hapa Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, hukwama mahali pamoja. Wazo la utani lipo na linachekesha, anayetaniwa ni kiongozi anayejulikana na kila mtu, na simu iko mkononi. Kinachobaki ni kuamua picha itengenezwe vipi. Ichorwe? Ikatwe vipande na kubandikwa? Au sura ya mkubwa ihamishiwe kwenye mwili wa mtu mwingine kwa programu, mpaka ionekane kama picha iliyopigwa kweli?

Ili ulinganisho uwe wa haki nitapitisha wazo moja kwenye njia zote tatu. Mvua za masika zimechimba shimo katikati ya barabara. Limejaa maji, vifodi vinapanda ukingoni kulikwepa, na wiki zinapita bila mtu kulifukia. Unataka kumwonyesha kiongozi wa kubuni, tumwite Mheshimiwa, amekaa kwenye kreti ya soda akivua sato ndani ya shimo hilo. Wazo ni zuri. Halimtukani mtu, linasema tu kwamba shimo limekaa hadi limekuwa bwawa.

Kuna njia ya nne, kuvaa suti na kuigiza mwenyewe, nayo nitaigusa kwa kifupi huko mbele.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kama picha yenyewe inajitangaza kuwa ni utani. Ninasema picha, si maneno yaliyo chini yake. Mtu aitazame ikiwa ndogo kama inavyotokea kwenye stetasi, kwa sekunde mbili, halafu ajue kwamba hili halikutokea.

Cha pili ni kama inabaki hivyo baada ya kusafiri. Picha ya kuchekesha haikai kwenye ukurasa wako. Mtu anapiga skrinishoti, anakata kona, anairusha kwenye kundi la ukoo au la kikoba, na huko hakuna anayejua wewe ni mchekeshaji. Watani wa kweli, mathalani Mchaga na Mpare, hutupiana maneno makali kwa sababu wote wawili wanajua utani umeanza. Kwenye kundi la watu 200 makubaliano hayo hayapo.

Cha tatu ni kile ambacho picha inadai. Kuna picha inayokuza jambo ambalo watu wanalijua tayari, kama shimo la barabara, na kuna picha inayoleta habari mpya: Mheshimiwa alipokea bahasha, Mheshimiwa alikuwa hotelini na fulani, Mheshimiwa amefariki. Ya kwanza ni maoni. Ya pili ni taarifa, hata ukiiwekea vikaragosi vya kucheka kumi.

Cha nne ni sheria, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanazisikia kwa juu juu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa kwa picha, maandishi au namna nyingine yoyote akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuhadaa umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kujifanya mtu mwingine. Kwa upande mwingine, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotolewa mwaka 2018 zilikataza maudhui ya uongo yanayoweza kuupotosha umma, lakini zikaacha mlango: isipokuwa kama imeelezwa waziwazi tangu mwanzo kwamba ni kejeli au ni kazi ya kubuni, au kama limetangulia tamko kwamba si jambo la kweli. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020, kwa hiyo soma toleo linalotumika sasa kabla ya kuliegemea. Zingatia sana hilo la kutangulia. Kuandika "utani tu jamani" kwenye maoni saa tatu baadaye hakutangulii chochote.

Cha tano ni kazi na gharama, ambacho kwa kweli ndicho kidogo kuliko vyote, ingawa ndicho kinachoamua mara nyingi.

Kabla ya kuingia kwenye njia zenyewe, tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni "je, ninamdanganya mtazamaji?" Jingine ni "je, nitaitwa polisi?" Njia unayochagua inajibu swali la kwanza vizuri sana. La pili inalijibu nusu tu, na mifano inakuja.

Katuni ya kuchora

*Inajitangaza?* Kuliko zote. Hakuna anayeiona pua iliyorefushwa kwa kalamu akafikiri ni picha iliyopigwa eneo la tukio. Mheshimiwa akichorwa na tumbo linalomeza mkanda na sato anayemkonyeza, jicho linajua hapohapo. Watu wa Afrika Mashariki wamekua na katuni za magazeti. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, amewachora marais wa ukanda huu kwa miaka mingi, na Masoud Kipanya amemtumia yule panya wake kusema mambo ambayo mhariri asingeyaweka kwenye kichwa cha habari.

*Inasafirije?* Vizuri. Ikate, ifute maneno, ipitishe kwenye makundi kumi, inabaki mchoro. Hasara yake ni kwamba usipochora vizuri watu hawamtambui mlengwa, na ukilazimika kuandika jina lake kwenye koti, basi mchoro umeshindwa kazi yake. Dawa ya hilo ni kuchagua alama moja au mbili zinazomtambulisha, kwa mfano kofia yake, miwani, au namna anavyoshika kipaza sauti, na kuzikuza hizo peke yake.

*Inadai nini?* Inadai maoni. Hata ukimchora na bahasha, msomaji anaelewa kwamba unasema "nadhani huyu mla rushwa" na si "nilimwona". Maoni hayo yanaweza kuwa kashfa vilevile, lakini si udanganyifu wa macho.

*Sheria?* Kwenye swali la kudanganya, katuni iko salama. Kwenye swali la pili, si salama kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa Oktoba 2024, TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa watu waliotekwa na waliouawa. Hakuna aliyeidhania video ile kuwa tukio lililorekodiwa. Kenya nako, mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull, aliyekuwa akimchora Rais Ruto kwa vivuli vyeusi, alitekwa Desemba 2024 na kuachiwa Januari 2025. Vivuli vile havikuwa na hata macho.

*Kazi?* Ni ujuzi, si fedha. Kama hujui kuchora, utamlipa anayejua, na mchoraji mzuri hatafurahia kuambiwa picha inahitajika leo jioni.

Katuni inamfaa mwenye utani unaodumu, ambao hata mwezi ujao utakuwa na maana. Inamfaa pia mwenye hoja nzito, kwa sababu macho hayana nafasi ya kubishana kama ni kweli au la. Yanakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Kolaji, yaani kukata na kubandika

Hapa unachukua picha halisi ya kichwa cha Mheshimiwa na kukiweka kwenye mwili wa mvuvi, kwenye shimo, juu ya kreti. Neno muhimu ni moja: makusudi. Ukingo wa mkasi unaachwa uonekane. Kichwa kinakuwa kikubwa kuliko mwili, mara moja na nusu au mbili. Mwanga wa uso haulingani na wa barabara na hujali.

*Inajitangaza?* Ndiyo, mradi usitamani kuifanya nzuri. Huu ndio mtego wa kolaji. Unaanza na kichwa kikubwa chenye ukingo mweupe, unaona hakikai vizuri, unakipunguza kidogo, unalainisha shingo, unarekebisha rangi ili ifanane na mikono, na baada ya nusu saa umeingia njia ya tatu bila kujua. Ukataji mbaya ndio lebo yako.

Mwaka 1932, Mjerumani John Heartfield alitengeneza kolaji ya Hitler akihutubia huku kifua chake kikionekana kama picha ya eksirei, na ndani, badala ya uti wa mgongo, kuna rundo la sarafu. Heartfield alikuwa fundi hodari na kingo zake ni safi mno. Lakini hakuna mtu mwenye sarafu kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo kuna njia mbili za kolaji kujitangaza: ukataji unaoonekana, au jambo lisilowezekana. Ukiwa na zote mbili, vizuri zaidi. Ukizikosa zote mbili, huna kolaji, una picha ya uongo.

*Inasafirije?* Wastani. WhatsApp huibana picha ya kawaida inapotumwa, na kubanwa huko kunalainisha kingo. Ule mstari mwembamba mweupe wa mkasi uliouona kwenye simu yako unaweza kuwa umefifia ikifika kwa mtu wa tano. Ndiyo maana ninasisitiza kichwa kikubwa. Mstari unafifia, ila kichwa cha ukubwa wa pipa kinabaki kichwa cha ukubwa wa pipa.

*Inadai nini?* Inategemea mandhari. Shimoni na ndoano, inadai maoni. Lakini kichwa kilekile ukikiweka kwenye mwili wa mtu aliyekaa baa halisi ya mjini, meza imejaa chupa, tayari watu wanaanza kuuliza ni lini.

*Sheria?* Ipo katikati. Jihadhari na mambo mawili yanayoisogeza upande mbaya: nembo za serikali, na nembo za vyombo vya habari. Ukiiweka kolaji yako ndani ya fremu yenye nembo ya gazeti au televisheni na ukanda mwekundu wa habari mpya, umeazima uaminifu wa watu wengine ili uaminiwe, na utani hauhitaji kuaminiwa.

*Kazi?* Simu ya kawaida na nusu saa. Ndiyo njia ya bei nafuu yenye matokeo ya kueleweka, na kwa ukurasa unaotoa kichekesho siku hiyohiyo jambo lilipotokea, ni vigumu kuishinda.

Kubadilisha sura kwa programu

Hii ndiyo inayovutia wengi leo, na ndiyo yenye mengi ya kusema.

Programu inatafuta alama za uso, yaani pembe za macho, ncha ya pua, midomo na ukingo wa taya, kwenye picha zote mbili. Inauvuta uso wa kwanza hadi alama zikae juu ya zile za wa pili, inalainisha mshono na kulinganisha rangi ya ngozi. Programu mpya za akili unde haziuvuti tu uso, zinauchora upya kabisa ukiwa na mwanga wa picha lengwa. Makosa, kama yapo, hukaa sehemu zilezile: mstari wa nywele, masikio (mara nyingi yanabaki ya mwenye mwili), rangi ya shingo dhidi ya uso, fremu ya miwani inayopotelea kwenye shavu, na kivuli cha pua kinachoelekea upande tofauti na kivuli cha mwili.

*Inajitangaza?* Peke yake, hapana. Imetengenezwa isijitangaze. Turudi shimoni. Ukimhamishia Mheshimiwa sura kwenye picha halisi ya mtu mwenye ndoano kando ya dimbwi, mtazamaji hataona utani. Ataona kiongozi aliyekwenda kuvua kwenye shimo ili apigwe picha, jambo ambalo mwanasiasa anaweza kabisa kulifanya kutafuta kura. Wengine watamsifu. Wengine watamlaani kwa kuigiza badala ya kufukia. Wote wanajadili tukio ambalo halikutokea, na hoja yako ya shimo imezama.

Machi 2023 ilisambaa picha ya Papa Francis amevaa koti kubwa jeupe lililojaa kama godoro, iliyotengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili unde ya kuunda picha. Aliyeitengeneza alitaka kufurahisha tu. Watu wengi sana waliiamini, si kwa sababu ni wajinga, bali kwa sababu koti haliko mbali na uwezekano: Papa anaweza kusikia baridi. Picha haikuwa na kichekesho ndani yake, kilichokuwepo ni kushangaza, na kitu cha kushangaza kinachowezekana ndicho kinachoitwa habari.

*Inasafirije?* Vibaya kuliko zote, tena kinyume na unavyotarajia. Kubanwa kwa picha kunakofuta kingo za kolaji kunafuta pia makosa ya mshono. Picha ambayo kwenye kompyuta yako shingo inaonekana ya rangi nyingine, ikipita mikono sita inaonekana ya kweli zaidi kuliko ilipotoka kwako. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zinazoeleza imetengenezwa kwa programu gani, huondolewa njiani. Mishale miwili ya WhatsApp inamwambia mpokeaji tu kwamba ujumbe umepitishwa mara nyingi, haimwambii kama ni kweli.

*Inadai nini?* Ushahidi. Macho ya watu bado yanachukulia picha iliyopigwa kama shahidi aliyekuwepo. Ndiyo maana bahasha ambayo kwenye katuni ni maoni inageuka tuhuma ya jinai kwenye sura iliyohamishwa.

*Sheria?* Hapa ndipo tulipo na mfano wetu wenyewe, na nitaupitia kwa vigezo vyote kwa sababu unafundisha kitu kisichotarajiwa.

Oktoba 29, 2019, Rais Magufuli alitimiza miaka 60. Mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa ya 2014, aliweka mtandaoni picha mbili za sura zilizobadilishwa: mwili wa Idris wenye uso wa rais, na Idris ameketi kwenye kiti cha rais chenye nembo. Maelezo yake yalikuwa kwamba wamebadilishana nafasi kwa siku moja ili mwenzake afurahie siku yake ya kuzaliwa kwa amani. Mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, ambaye mwaka 2024 alikuja kuwa mkuu wa mkoa wetu wa Arusha, alimwambia hadharani kwamba hajui mipaka ya kazi yake na aripoti polisi. Aliripoti, akahojiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ikatajwa, hasa kipengele cha kujifanya mtu mwingine.

Sasa zipitishe picha zile kwenye vigezo. Zilijitangaza? Ndiyo. Uso mmojawapo ulikuwa wa mchekeshaji anayejulikana nchi nzima, na picha zilikuwa jozi, kila moja ikiifichua nyenzake. Ukikata jozi, unabaki na Idris kwenye kiti cha rais, na hakuna Mtanzania aliyedhani nchi imepata rais mpya. Zilidai nini? Hakuna tuhuma, hakuna habari. Kwa kipimo cha udanganyifu, sioni aliyedanganyika, na kuziita kujifanya rais ni kulivuta neno hadi likatike. Hata hivyo aliitwa. Nembo na kiti vilihusika kwa kiasi gani, kila mtu ana maoni yake. Yangu ni kwamba bila nembo ile mjadala ungekuwa mfupi zaidi.

Linganisha na jambo la hapa kwetu. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu kwa maneno aliyoandika Facebook dhidi ya rais. Hapakuwa na picha, hapakuwa na sura iliyobadilishwa. Ukiweka kesi hizi pembeni ya ile video ya katuni ya 2024, unaona kwamba kuitwa kunafuata zaidi nani kaguswa na wapi pamemuuma kuliko mbinu iliyotumika. Kwa hiyo usichague katuni ukidhani ni kinga, wala usiiogope sura iliyobadilishwa ukidhani yenyewe ndiyo kosa. Chagua kwa kuangalia mtazamaji wako atabaki na nini kichwani.

*Kazi?* Dakika mbili. Na wepesi huo ni hatari yake nyingine: wazo halipati muda wa kupoa.

Kama hata hivyo umeamua njia hii, yapo mambo ya kuirudisha upande wa utani. Weka sura yako mwenyewe upande mmoja, kama alivyofanya Idris, kwa sababu mchekeshaji anayeonekana ni lebo isiyokatika kirahisi. Au hamishia sura mahali pasipowezekana: juu ya sato mwenyewe badala ya mvuvi, na Mheshimiwa anakuwa samaki shimoni. Na andika neno KEJELI au UTANI ndani ya picha, likipita karibu na uso ili asiyelitaka alazimike kuharibu picha nzima, si kwenye kona ambako kidole kimoja kinalikata. Kwa picha ya mraba ya pikseli 1080, herufi za urefu wa pikseli 60 zinatokea kwenye simu zikiwa na karibu milimita 3 na nusu, na hizo zinasomeka. Pungua hapo na umeandika kwa ajili ya wakili wako, si kwa ajili ya msomaji.

Inamfaa nani, basi? Mchekeshaji mwenye sura inayojulikana, anayejitumia mwenyewe kama nusu ya utani. Na anayefanya kazi ya jukwaani, ambako picha inaonyeshwa ukumbini na yeye yupo hapo kuieleza.

Kuigiza mwenyewe

Suti, kitambi cha mto, sauti ya kuigwa. Inajitangaza kwa sababu uso ni wako, inasafiri vizuri ikiwa video, na inadai maoni. Sauti peke yake ndiyo ya kuangalia: ukikata picha na kuacha sauti inayofanana mno, inaweza kupita kama rekodi iliyovuja. Acha lafudhi yako ya Arusha isikike hapa na pale.

Kipimo kabla ya kurusha

Punguza picha hadi iwe na ukubwa wa stempu, ondoa maneno ya chini, mpe mtu mmoja asiyefuata ukurasa wako, mfano mama anayeuza mboga soko la Kilombero au dereva wa toyo anayesubiri abiria. Usimwambie kitu. Akicheka au akisema "umemfanyaje huyu mzee?", picha inajitangaza. Akiuliza "hii ilikuwa lini?" au "wapi hapo?", amepokea taarifa, na ukirusha utakuwa umempa taarifa ya uongo. Swali la lini na wapi ndiyo dalili ninayoiamini kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa, kwa sababu hakuna anayeulizia tarehe ya mzaha.

Kwa hali yako

Kama jambo limetokea asubuhi na unataka kichekesho kabla ya saa sita, na mlengwa ni kiongozi, tumia kolaji ya kichwa kikubwa. Usiilainishe.

Kama hoja yako inagusa rushwa, mauaji, au mali ya umma, chora, au mtafute mchoraji. Hapa sura iliyobadilishwa itageuza mjadala uwe juu ya picha yako badala ya fedha zilizopotea, na walioguswa watashukuru.

Kama mlengwa ni mtu wa burudani au soka, anayetaniana na mashabiki kila siku, sura iliyobadilishwa yenye jambo lisilowezekana inakubalika na wengi, na mara nyingi yeye mwenyewe ataisambaza. Ila usimhamishie sura kwenye mwili ulio uchi au kitandani. Hapo utani haupo hata kama yeye ni maarufu, na kwa mwanamke madhara yake hayafutiki ukifuta chapisho.

Kama ni kipindi cha kampeni, acha njia ya tatu kwa wagombea wote, hata yule usiyempenda. Wiki ya mwisho kabla ya kura hakuna muda wa kusahihisha, na picha ya Mheshimiwa "akijitoa" itafika Ngorongoro kabla ya kanusho kutoka mjini.

Kama utani unahusu kifo, ugonjwa, au tamko la serikali kuhusu shule, mafuta au maji, usiufanye kwa njia yoyote inayofanana na picha au tangazo halisi. Mtu atafunga duka au atasafiri usiku kwa sababu yako.

Na kama picha ni ya mtu asiyekuwa kiongozi wala maarufu, tuseme mwalimu wa mtaani au jirani aliyegombana na ukoo wenu, vigezo vyote hapo juu havimhusu. Hajachukua ofisi ya umma wala jukwaa, kwa hiyo hakuna kejeli ya kumfanyia mbele ya watu wasiomjua. Mchoree kadi ya siku ya kuzaliwa, umpe mkononi.